Siku Hela za Korosho Zinaposoma: Ushauri kwa Wakuu wa Matawi ya Benki Masasi na Newala

Minada ya korosho ikishaanza mwezi Oktoba, tawi la benki katika mji wa Newala au Masasi huacha kuwa lile la mwezi Juni. Mkulima aliyetoka Kitangari, Mkunya, Lukuledi au Chiungutwa anafika mlangoni kabla ya jua kuchomoza, amelipa nauli ya bodaboda, na hana uhakika kama hela yake imesoma. Juni alikuwa mteja mmoja kati ya wachache waliokuja siku hiyo. Novemba ni mmoja wa mamia, na atakachokiona siku hiyo ndicho atakachowasimulia wenzake kijijini mpaka msimu mwingine. Makala hii ni kwa wale wanaosimamia matawi hayo, na shabaha yake ni moja: bajeti ya mabango na fulana za matangazo isiguswe kwanza, mpaka safari ya mkulima kutoka mlangoni hadi dirishani iwe imetengenezwa.

Vitabu vya masoko kwa miaka mingi vilifundisha mambo manne: bidhaa, bei, mahali na utangazaji. Mwaka 1981 Bernard Booms na Mary Jo Bitner wakasema kwamba kwa anayeuza huduma hayo hayatoshi, wakaongeza matatu: watu wanaotoa huduma, utaratibu unaofuatwa, na vielelezo vinavyoonekana kwa macho. Sababu yao inaeleweka vizuri ukisimama kwenye ukumbi wa benki. Mtu anayenunua jembe hulishika, hulipima uzito, hulitazama makali. Huduma ya kutunziwa fedha haishikiki. Kwa hiyo mteja huipima kwa kile anachokiona: mlinzi alivyomwambia, muda aliosimama, karatasi aliyopewa, na kama aliondoka akiwa ameelewa.

Upande wa Mtwara mteja huyu ana historia yake pia. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye korosho za mkoa huu msimu wa 2007/08. Mkulima akawa anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, anapewa stakabadhi, mzigo unaenda ghala kuu, unauzwa mnadani, na fedha zinamfuata baadaye. Ile "baadaye" ndiyo iliyoleta maneno mengi. Aprili 2013 wilayani Liwale, mkoa jirani wa Lindi, wakulima waliopunjwa matarajio yao ya malipo walifanya vurugu na nyumba za viongozi zikachomwa moto. Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za wanunuzi, Serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo yakatanguliwa na uhakiki ambao kwa baadhi ya wakulima ulichukua muda mrefu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kosa la keshia wa dirishani. Lakini mkulima anaingia ukumbini akiwa nayo kichwani, na karani anayemjibu "hela haijaingia, njoo kesho" bila neno la pili anaamsha kumbukumbu hiyo yote.

Tuanze na taratibu, kwa sababu watu wema waliowekwa kwenye taratibu mbovu huchoka na kuwa wakali.

Chukua tawi la mfano lenye madirisha manne. Siku ya malipo, saa tatu za mwanzo, wanaingia wateja 60 kwa saa. Keshia mmoja kwa wastani anamaliza mteja kwa dakika sita, yaani wateja kumi kwa saa, na madirisha manne yanamaliza 40. Kila saa wanabaki 20. Baada ya saa tatu watu 60 wamo kwenye foleni, na aliyefika wa mwisho atasimama saa moja na nusu hata kama baada yake hakuja mtu mwingine. Meneja akiona hivyo huomba makao makuu wamwongezee keshia. Kabla ya kuandika barua hiyo, ampe kijana mmoja saa na daftari, akae karibu na madirisha siku moja tu, aandike kila mteja kaja kufanya nini na kachukua dakika ngapi.

Tuseme daftari limeonyesha hivi. Kati ya wale 60 wa kila saa, 20 walikuja kuuliza tu kama hela imesoma, na kila mmoja alichukua dakika tatu. Waliobaki 40 walikuja kutoa fedha, na kwa wastani walichukua dakika saba na nusu. Wengi wangesema dawa imepatikana: waondoe wale 20 wa kuuliza, wabaki 40, na tawi lina uwezo wa kuhudumia 40. Hapo ndipo hesabu huwadanganya watu. Ukiwaondoa wenye shughuli fupi, wastani wa waliobaki unapanda. Dakika saba na nusu kwa mteja ni wateja wanane kwa saa kwa kila dirisha, jumla 32, na wanaofika ni 40. Foleni bado inakua kwa watu wanane kila saa. Ni nafuu kubwa, maana baada ya saa tatu wanasubiri 24 badala ya 60, na wa mwisho anasimama dakika 45. Lakini ugonjwa haujaisha.

Sasa rudi kwenye daftari uwatazame wale 40 mmoja mmoja. Utakuta 36 walimaliza kwa dakika tano kila mmoja. Wanne walikwama, kila mmoja nusu saa. Kitambulisho cha taifa kinasema Hassan, orodha ya AMCOS inasema Hassani. Mwingine ni Saidi Mohamedi kwenye kadi ya chama na Said Mohamed benki. Mwingine akaunti yake imelala kwa sababu huitumia mara moja kwa mwaka, msimu hadi msimu. Mwingine tarakimu mbili za namba ya akaunti zilibadilishana nafasi karani wa chama alipokuwa akinakili. Watu wanne tu, na wamekula dakika 120 kati ya 300 zilizotumika kwa wote waliokuja kutoa fedha. Foleni ya nje hadi barabarani imetengenezwa na herufi "i" moja.

Kwa hiyo hatua ya pili ni kuwatoa hao wanne kwenye foleni ya madirisha mara tu tatizo linapoonekana, wakae mbele ya ofisa mwenye madaraka ya kulimaliza. Madirisha manne yakibaki na wale 36 wa dakika tano, yana uwezo wa 48 kwa saa, na foleni haikui. Usiyajaze mpaka uwezo ulingane na idadi ya wanaofika, kwa sababu wateja hawaji kwa mpangilio: basi moja likishusha watu 30 kwa pamoja, tawi lisilo na nafasi ya ziada litabeba foleni hiyo mpaka mchana.

Lakini ofisa huyo mmoja, kwa nusu saa kila tatizo, atamaliza wawili kwa saa, na wanaoletwa ni wanne. Ndiyo maana nusu ya kazi lazima ifanyike kabla ya msimu, kijijini. Mwezi Agosti au Septemba, tawi liombe kwa chama cha msingi orodha ya wanachama na namba zao za akaunti, liipitishe kwenye mfumo, lirudishe majina yasiyolingana na akaunti zilizolala. Kisha maofisa wawili waende siku moja kwenye ofisi ya AMCOS, wakae mezani, warekebishe majina na kuamsha akaunti mkulima akiwa kwao. Mkulima hakulipa nauli, na Novemba atakuwa mmoja wa wale wa dakika tano.

Hesabu hizi ni za mfano. Zako utazipata kwenye daftari lako, na yawezekana ukakuta kinachokula muda ni mtandao unaokatika au mashine ya kuhesabia noti iliyochoka. Njia ya kuitafuta sababu ndiyo isiyobadilika.

Lynn Shostack, mwanamama aliyekuwa mtu wa benki, aliandika mwaka 1984 kwamba huduma ichorwe kwenye karatasi kama ramani ya nyumba, na katikati upigwe mstari: juu yake yale mteja anayoyaona, chini yake yale yasiyoonekana. Fanya hivyo kwa malipo ya korosho. Juu ya mstari kuna mlango, mlinzi, benchi, dirisha, noti, risiti. Chini yake kuna mnunuzi aliyeshinda mnada na kutakiwa kulipa, chama kikuu kama TANECU au MAMCU kinachopokea fedha, orodha inayotoka chama cha msingi, na ofisa wa benki anayeingiza malipo. Ukiichora utaona kwamba "hela haijaingia" ni jina moja la mambo matatu tofauti. Huenda mnunuzi hajalipa. Huenda amelipa lakini orodha haijafika benki. Au orodha imefika ikiwa na makosa na baadhi ya majina yamerudishwa. La kwanza tawi haliwezi kulifanya lolote na lisiahidi kitu. La pili linatatuliwa kwa simu moja. La tatu ni kazi ya tawi lenyewe. Mkulima anastahili kuambiwa ni lipi kati ya hayo, ili ajue kama arudi nyumbani, aende AMCOS, au asubiri pale pale.

Hapo tumefika kwenye vielelezo, na kielelezo chenye faida kuliko vyote kwenye tawi la korosho ni ubao uliowekwa nje ya mlango, mahali mtu anapousoma kabla ya kusimama foleni. Andika jina la chama cha msingi, tarehe ya mnada, na hali ya malipo: fedha hazijapokelewa, zimepokelewa na zinaingizwa, au zimeshaingizwa. Andika pia saa ubao uliporekebishwa mara ya mwisho, kwa sababu ubao wa juzi ni mbaya kuliko kutokuwa na ubao. Majina ya wakulima na kiasi chao visiandikwe kabisa. Taarifa hiyo hiyo itumwe kila asubuhi kwa makatibu wa AMCOS, waibandike kwenye ofisi zao na kuitangaza. Mtu wa Lukuledi akijua akiwa Lukuledi kwamba zamu ya chama chake bado, hapandi bodaboda.

Wale 20 wa kuuliza tu wataondolewa na ubao pamoja na simu zao wenyewe. Mteja wa NMB hupiga *150*66# na wa CRDB *150*03#, akaangalia salio bila kuja mjini. Wakulima wengi wameshaunganishwa na huduma hizo lakini hawazitumii, kwa kuwa siku ya kuunganishwa mkulima alishikiwa simu na kijana wa benki, namba ya siri ikawekwa haraka haraka, naye akaisahau kabla hajafika stendi. Siku ile ya mezani kijijini ndiyo ya kumfundisha, simu ikiwa mkononi mwake mwenyewe, aangalie salio mara mbili bila kusaidiwa. Mawakala pia hupunguza foleni, ila kuna sharti moja. Siku ya malipo wakala wa kijijini huweza kuishiwa fedha taslimu mapema, na mkulima aliyekataliwa kwa wakala anakuja tawini akiwa na hasira ya safari mbili. Kama orodha ya chama fulani inaingizwa leo jioni, mawakala wa eneo hilo wajulishwe leo mchana ili wajipange na fedha.

Kielelezo kingine ni karatasi ya malipo. Mkulima amesikia bei ya mnada redioni, amezidisha kwa kilo zilizo kwenye stakabadhi yake, na ana jumla kichwani. Dirishani anakuta pungufu. Pungufu hiyo ni makato ya chama na gharama za usafirishaji na ghala, au sehemu ya mzigo wake ilipangwa daraja la pili, au kilo zake ziligawanyika kwenye minada miwili na malipo ya pili bado. Benki haihusiki na makato hayo, lakini keshia ndiye mtu wa kwanza ambaye mkulima anamwona akiwa na fedha mkononi, na lawama humwangukia yeye. Risiti inayoandika tarehe ya mnada, jina la chama na kiasi kilichoingia inamsaidia mkulima kwenda kuuliza AMCOS akiwa na kitu cha kuonyesha. Kama mfumo wa benki hauwezi kuchapa hayo, muhuri na kalamu vinatosha.

Kisha kuna siri ya fedha. Mtu anapokea milioni tatu mbele ya watu 50 walioegemea dirisha, halafu anatoka kwenda stendi. Mstari wa rangi sakafuni, mita mbili kutoka dirishani, na ubao wa mbao kati ya dirisha na dirisha ni gharama ndogo mno ukilinganisha na hofu wanayoiondoa. Keshia asitaje kiasi kwa sauti. Aandike kwenye karatasi, amwonyeshe. Nje kuwe na turubai la kivuli, mabenchi na pipa la maji ya kunywa. Uwanda wa Newala una shida ya maji inayojulikana, na anayeyakuta mlangoni kwako hayasahau.

Kuhusu watu, anza na yule ambaye mara nyingi hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi wako. Mlinzi wa mlangoni ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, mkataba wake unazungumzia silaha na zamu, na hakuna aliyemfundisha kumpokea mteja. Siku ya malipo ndiye anayeamua nani aingie, na sauti yake ndiyo sauti ya benki. Mwekee pembeni mfanyakazi wako mmoja, mwenye kiti na daftari, ambaye kazi yake ni kuuliza swali moja: "Shikamoo mzee, umekuja kutoa au kuulizia?" Anayeulizia anajibiwa pale pale. Anayetoa anaonyesha kitambulisho na namba ya akaunti, na kama jina halilingani anaelekezwa kwa ofisa wa matatizo kabla hajasimama saa nzima bure. Mtu huyu ajue Kimakonde kama tawi liko Newala, na Masasi afadhali ajue pia Kimakua au Kiyao, kwa ajili ya wazee ambao Kiswahili cha benki huwapita. Amkia. Keshia wa miaka 25 anayemwita mtu wa umri wa babu yake "wewe wa kofia" amefuta kazi ya mabango yote ya mwaka huo.

David Maister aliandika mwaka 1985 juu ya namna watu wanavyouhisi muda wa kusubiri, na mambo yake mawili yanalihusu tawi la korosho moja kwa moja: kusubiri usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kusubiri ulikoelezwa, na kusubiri kusiko na haki huonekana kurefu kuliko kusubiri kwa haki. Namba zinazogawiwa mlangoni hutibu la kwanza, mradi mtu aambiwe namba yake itafikiwa karibu saa ngapi, aende hata kunywa chai. La pili lina sumu zaidi. Mfanyabiashara anayepitishwa mlango wa pembeni kwa sababu anaweka fedha nyingi anaonwa na kila jicho kwenye foleni. Kama wateja wakubwa wana huduma yao, iwe na mlango wake na saa zake, na ibandikwe wazi. Wazee sana, wajawazito na wagonjwa wapitishwe mbele, na mtu wa mlangoni aseme kwa sauti kwa nini. Sijaona foleni ya watu wa kusini iliyokataa mama mjamzito atangulie. Kinachowaudhi ni kupenyezana.

Kuna jambo dogo linalowapotezea matawi muda mwingi: vidole. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na mama aliyebangua korosho miaka mingi, au mzee aliyeshika jembe maisha yake yote, alama zake za vidole zimefifia. Mashine inazikataa, karani anasema "jaribu tena", na watu nyuma wanaanza kunung'unika kana kwamba ni kosa lake. Weka kitambaa chenye unyevu na sabuni karibu, jaribu vidole vingine kabla ya kurudia kile kile, na ikishindikana mara ya tatu mpeleke kwa ofisa, kwa heshima, bila kumwacha amesimama dirishani akitazamwa.

   

Utajuaje kama mambo yanakaa sawa tawini? Usiulize wateja kama wameridhika, maana mzee wa Kimakonde hatamwambia mwenyeji wake mlangoni kwamba hapana. Hesabu vitu. Anayeingia apewe kikaratasi chenye saa aliyofika, na keshia aandike saa aliyomhudumia. Hesabu waliorudi mara ya pili kwa shida ile ile. Hesabu waliosimama mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, kwani watu wakiamini kwamba anayefika saa nne atahudumiwa, hawatalala kibarazani. Na fuatilia ni wanachama wangapi wa kila AMCOS waliotoa fedha zote siku ya kwanza, shilingi kwa shilingi. Mtu anayemaliza akaunti papo hapo anakuambia kwamba haamini atazikuta kesho, au kwamba hataki kuiona foleni ile tena.

Mshindani mkubwa wa tawi lako kwenye eneo hili ni kangomba, yule anayenunua korosho kinyume cha sheria kwa kipimo cha bakuli, kwa bei ya chini, lakini fedha mkononi, kijijini, bila foleni wala kitambulisho. Mkulima anayemwendea anajua anapunjwa. Anakubali kupunjwa kwa sababu ada ya shule haisubiri. Kila siku mnayoipunguza kati ya mnada na fedha kumfikia mkulima mnamwondolea kangomba sababu yake, na sehemu ya siku hizo iko ndani ya uwezo wenu. Minada huanza Oktoba, kwa hiyo orodha za majina ziombeni Agosti.